Uume Unapopinda: Kwa Nini Daktari Husubiri Kabla ya Kupasua

Chukua mfano wa fundi seremala mwenye umri wa miaka 54, mgonjwa wa kisukari, ambaye kwa miezi minne amekuwa akigusa kivimbe kigumu, mfano wa punje ya hindi, upande wa juu wa uume wake. Uume ukiwa umelala, hakuna dalili ya tatizo. Unaposimama huuma na kupinda kuelekea tumboni, na kila mwezi anaona umepinda zaidi. Amekwisha kutumia dozi mbili za antibiotiki alizonunua dukani bila kupimwa, kwa kudhani ni ugonjwa wa zinaa. Mkewe, kwa upande wake, ameanza kuuliza maswali.

Ugonjwa huu huitwa Peyronie, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Kifaransa, François de la Peyronie, aliyeueleza mwaka 1743. Si saratani wala haugeuki kuwa saratani, na hauambukizwi kwa kujamiiana. Ndani ya uume mna mirija miwili inayojaa damu, nayo imezungukwa na utando mgumu unaotanuka. Inadhaniwa kwamba majeraha madogo, ambayo mara nyingi mtu hayakumbuki, huchubua utando huo, na kwa baadhi ya wanaume kidonda hupona kwa kovu nene lisilotanuka. Damu inapojaa, upande wenye kovu hubaki mfupi, hivyo uume hupinda kuelekea upande huo. Wengine huwa pia na mikanda migumu viganjani inayokunja vidole. Kwa hiyo mhudumu wa afya asisahau kutazama mikono ya mgonjwa.

Jambo la kwanza kujua si dawa gani itolewe, bali ugonjwa uko katika hatua gani. Hatua ya kwanza ni ya moto: kuna maumivu, na pindo hubadilika. Huweza kudumu mwaka mmoja, wakati mwingine zaidi. Hatua ya pili ni ya utulivu: maumivu huisha, kovu hukomaa, na pindo halibadiliki tena. Kwa wagonjwa wengi maumivu huisha yenyewe, lakini ni wachache ambao uume wao hunyooka bila tiba. Anayepasuliwa wakati kovu bado linaendelea kujijenga anaweza kunyooshwa leo, kisha akapinda upya baada ya miezi michache.

Seremala wetu, basi, hakupasuliwa. Alipewa ibuprofeni ya kutuliza maumivu baada ya figo zake kupimwa, kisukari chake kikasimamiwa vizuri zaidi, na akaelekezwa kujipiga picha uume ukiwa umesimama, moja kutoka juu na nyingine kutoka ubavuni, kila baada ya miezi mitatu. Picha hizo, ambazo wengi huona haya kuzileta, zina faida kuliko maelezo marefu ya mdomo. Asiyeweza kuzipata huchomwa kliniki sindano ya kusimamisha uume, kisha pindo likapimwa kwa digrii. Vidonge vya vitamini E, ambavyo bado huandikwa mara kwa mara, havijathibitika kunyoosha uume.

Ugonjwa ukitulia, na pindo likiwa kati ya digrii 30 na 90, zipo sindano za kolajenasi, kimeng'enya kinachoyeyusha kovu. Zinapunguza pindo, ila kwa kawaida haziliondoi lote, ni ghali na hazipatikani kila nchi. Tena, uume unaweza kupasuka ndani baada ya sindano hizo. Mlio wa ghafla, uvimbe na weusi wa damu ni dharura ya kukimbiziwa hospitali.

Baada ya miezi 15 picha za seremala zilionyesha digrii 50, bila mabadiliko kwa miezi sita. Uume ulisimama imara, lakini tendo la ndoa halikuwezekana. Alishonwa mikunjo upande ulio mkabala na kovu, ili pande mbili zilingane. Njia hii hunyoosha vizuri, lakini hufupisha uume, na mgonjwa sharti aambiwe hivyo kabla ya kutia sahihi. Pindo kubwa zaidi huweza kuhitaji kukata kovu na kuweka kiraka, jambo linaloongeza hatari ya kupoteza nguvu za kiume. Asiyesimama kabisa hata kwa dawa hufaa kuwekewa kipandikizi ndani ya uume.

Aliambiwa aache kujamiiana kwa wiki sita. Alirudi kliniki akiwa na pindo dogo lisilomzuia na vifundo vya uzi vilivyoguswa chini ya ngozi, ambavyo alidhani ni ugonjwa umerudi. Safari hii alikuja na mkewe, na maswali mengi yalitoka kwa mke.