Uniti Moja Humfikisha Abiria Wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, steji ya Ongata Rongai, pembezoni mwa Nairobi. Matatu ya viti 14 imejaa, makanga anagonga bodi, na safari ya karibu kilomita 20 kwenda mjini inaanza. Pembeni, bodaboda wawili wanasubiri mteja mwenye haraka. Mmoja amekalia pikipiki ya petroli, mwingine ya betri. Basi dogo la umeme linapita kimya, limesheheni watu. Wote hao wanafanya kazi moja ya kupeleka watu mjini. Swali ni nani kati yao anatumia nishati kidogo zaidi kwa kila mtu anayembeba.

Ili kulijibu ni lazima petroli, dizeli na umeme vipimwe kwa kipimo kimoja. Kipimo hicho kila mwenye mita ya umeme anakijua. Ni uniti, ile inayonunuliwa kwa LUKU Tanzania au kwa tokeni Kenya, na ambayo wataalamu huiita kilowati-saa. Lita moja ya dizeli ina nishati ya karibu uniti 10, na lita ya petroli karibu uniti 9. Upande wa kazi iliyofanyika, kipimo ni abiria-kilomita, yaani mtu mmoja kusafirishwa kilomita moja. Watu 10 wakisafiri kilomita 20, hizo ni abiria-kilomita 200.

Ukigawanya kazi hiyo kwa uniti zilizotumika, unapata jibu lenye kueleweka: uniti moja inamsogeza abiria mmoja kilomita ngapi.

Tuanze na ile matatu ya Rongai. Gari la aina ya Haisi linalotumia dizeli huenda karibu kilomita 10 kwa lita mjini, ikiwa injini yake ni nzima. Safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 40, kwa hiyo lita 4, sawa na uniti 40. Asubuhi imeenda na watu 14, na hizo ni abiria-kilomita 280. Lakini asubuhi watu wanaelekea mjini, si Rongai. Matatu inarudi na watu wanne tu, na hao wanaongeza abiria-kilomita 80. Jumla ni 360. Gawanya kwa 40, na kila uniti imembeba mtu mmoja kilomita 9.

Bado kuna kusubiri. Matatu haiondoki steji mpaka ijae, na madereva wengi huacha injini ikinguruma. Ikinguruma hivyo, pamoja na dakika za kusimama kwenye foleni, nusu lita nyingine huyeyuka bila gari kusogea. Lita 4 zinakuwa 4 na nusu, na kilomita 9 zinashuka kuwa 8. Kama matatu hiyo ingejaa pande zote mbili bila kusubiri, ingefika kilomita 14. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini tofauti ni karibu nusu kwa nusu.

Bodaboda wa petroli ana tatizo hilo hilo kwa ukali zaidi. Pikipiki yake ni nyepesi, na lita moja humpeleka kilomita 40 hivi mjini. Kwa uniti, hiyo ni kilomita nne na nusu kwa kila uniti. Hesabu ingeishia hapo kama angekuwa na mteja muda wote. Lakini dereva si abiria, yuko kazini. Anamshusha mteja, anarudi kijiweni mtupu, anazungukazunguka kutafuta mwingine. Tuseme katika kila kilomita 100 anazotembea, 60 tu ndizo zina mteja nyuma. Uniti moja sasa inamsogeza abiria chini kidogo ya kilomita 3. Kwa mafuta, pikipiki ndogo inashindwa na matatu iliyorudi karibu tupu.

Kubeba mishikaki, yaani abiria wawili au watatu kwa pamoja, kungepandisha hesabu hiyo, lakini sheria inakataza, na wodi za mifupa zinajua kwa nini.

Betri inabadilisha mambo. Injini ya petroli ya pikipiki hutumia sehemu ndogo tu ya nishati ya mafuta kuzungusha gurudumu, na zaidi ya robo tatu huondoka kama joto kupitia ekzosi na bodi ya injini. Ndiyo maana ekzosi inaunguza mguu. Mota ya umeme hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme wake kuwa mwendo, na pikipiki ikisimama kwenye taa, mota haili kitu. Pikipiki ya betri yenye uniti 3 hivi hutembea kilomita 70 hadi 80 kabla ya dereva kwenda kituo cha kubadilishia betri, kama wanavyofanya waendesha taksi-moto wa Kigali tangu 2019. Ukiongeza umeme unaopotea wakati wa kuchaji, halafu ukahesabu zile safari za bila mteja kama za mwenzake wa petroli, uniti moja inambeba abiria karibu kilomita 13.

Kwa hiyo bodaboda wa umeme, mwenye abiria mmoja tu na anayerudi mtupu mara kwa mara, anaishinda matatu ya dizeli ya siku ya kawaida. Wengi hawalitarajii hilo, kwa sababu wamezoea kuamini kwamba gari la watu wengi lazima litumie nishati kidogo kwa kila mtu.

Basi la umeme linaunganisha faida zote mbili, mota isiyopoteza na viti vingi. Machi 2022, kampuni ya BasiGo ilianza majaribio Nairobi kwa mabasi mawili ya BYD yenye viti 25. Basi la ukubwa huo, ukiweka na hasara ya kuchaji, hutumia takriban robo tatu ya uniti kwa kilomita, au pungufu kidogo. Likijaa watu 25, uniti moja inamsogeza kila mmoja wao kilomita 35 hivi. Likiwa na watu 10, zinabaki 14. Basi likikaribia steji au likishuka mteremko, mota yake hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri badala ya kuichoma kwenye breki. Foleni ya Nairobi, ambayo kwa dizeli ni hasara tupu, kwa basi hili ni kusimama tu, labda na feni au kiyoyozi kikiendelea kunywa kidogo.

Treni iko ligi nyingine, na si haki kuilinganisha na safari ya Rongai. Inafaa ishindane na basi la mikoani. Tanzania ilianza safari za abiria kwenye reli ya kisasa inayotumia umeme Juni 2024, kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata treni zikafika Dodoma. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, bado inavutwa na injini za dizeli. Treni ya Tanzania ambayo wananchi wameibatiza Mchongoko, kwa sababu ya pua yake, ina mabehewa manane na nafasi za abiria 589.

Siri yake kubwa iko chini, pale gurudumu la chuma linapokutana na reli ya chuma. Tairi la mpira hubonyea kila linapogusa lami, na kubonyea huko kunakula nishati kila mzunguko. Ndiyo maana tairi lenye upepo kidogo huwa la moto. Chuma hakibonyei hivyo. Kwa uzito ule ule, treni hukabiliwa na ukinzani wa magurudumu ambao ni kama moja ya tano ya ule wa basi, au pungufu. Isitoshe, mabehewa manane yanajificha nyuma ya pua moja, kwa hiyo upepo unapasuliwa mara moja kwa niaba ya mamia ya watu.

Treni ya mabehewa manane inayokimbia hadi kilomita 160 kwa saa huhitaji takriban uniti 12 kwa kilomita. Hilo ni kadirio la treni za uzito na kasi hiyo. Ikiwa na watu 400, uniti moja inamsogeza abiria kilomita 33. Basi la dizeli la mikoani linaloenda kilomita 3 kwa lita, likiwa na watu 45, linampa kila mmoja kilomita 13 na nusu. Treni inashinda zaidi ya mara mbili, na huku inakimbia karibu mara mbili ya kasi ya basi. Kasi hiyo ina bei yake, kwa sababu ukinzani wa upepo hupanda mara nne pale kasi inapoongezeka maradufu. Treni ile ile ikienda polepole ingetumia kidogo zaidi. Na ikiondoka na watu 60 tu, kila uniti ingembeba abiria kilomita 5, vibaya kuliko ile matatu ya Rongai.

Kuna kasoro moja katika hesabu hizi ambayo msomaji makini ameshaiona. Dizeli imepimwa kwenye tangi, na umeme umepimwa kwenye soketi. Kabla ya kufika kwenye soketi, umeme umezalishwa mahali na kusafiri kwenye nyaya. Kenya katika miaka ya karibuni imekuwa ikipoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme kati ya mitambo na mita za wateja, ama kwa nyaya na transfoma, ama kwa wizi. Zile kilomita 13 za bodaboda wa betri zinashuka hadi 10 hivi ukihesabu kutoka kwenye mtambo. Umeme ukitoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria au maji ya Bwawa la Julius Nyerere, hakuna mafuta yaliyochomwa na hesabu inaweza kuishia hapo. Ukitoka kwenye mtambo wa mafuta unaogeuza asilimia 40 tu ya nishati kuwa umeme, zile 10 zinakuwa 4. Bado ni zaidi ya chini ya 3 za mwenzake wa petroli, lakini sasa matatu ya dizeli inamwacha mbali.

Mwenye matatu au basi anaweza kupata namba yake mwenyewe bila mtaalamu. Asubuhi ajaze tangi mpaka lifurike shingoni na asome kilomita kwenye dashibodi. Jioni ajaze tena hadi pale pale, na lita zilizoingia ndizo alizotumia. Kosa la kawaida liko upande wa abiria. Makanga huhesabu tiketi au nauli, kumbe aliyeshuka baada ya kilomita 2 analipa karibu sawa na aliyefika mwisho. Dawa ni kuhesabu vichwa kila steji gari linapoondoka, kisha kuzidisha kwa umbali wa kufika steji inayofuata. Siku tatu au nne za hesabu hiyo, zikiwemo saa za mchana ambazo gari hutembea nusu tupu, zinatosha.

Saa tano usiku, lile basi la viti 25 linarudi Rongai likiwa na abiria watatu. Kila uniti inawasogeza kilomita 4 na kitu. Anapita kando yake bodaboda wa betri, mteja wake kajifunika koti, na usiku huo yeye ndiye anayetumia nishati kidogo zaidi kwa kichwa. Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, watakuwa wamebadilishana nafasi.