Dozi Moja kwa Kitongoji Kizima: Dawa ya Vikope na Buba



Wahudumu wa afya wakifika kijijini na dawa ya vikope, swali linalosikika mara nyingi ni hili: "Mimi macho yangu ni mazima, kwa nini ninywe dawa ya mgonjwa?" Mwezi huu ukurasa wetu unajibu swali hilo. Tutaanza na kitongoji kimoja cha mkoani Kilimanjaro ambako jambo hili lilipimwa kwa makini. Kisha tutaona linatufundisha nini sisi wa Mpanda na vijiji vyote vya Katavi.

VIKOPE HUPOFUSHAJE?

Vikope, au trakoma, huletwa na kijidudu kiitwacho klamidia. Hukaa katika ngozi laini iliyo ndani ya kope, hasa kwa watoto wadogo. Hutoka jicho moja kwenda jingine kwa vidole, kwa kona ya khanga ambayo mama amewafutia watoto watatu, na kwa nzi wanaotua usoni penye tongo na kamasi.

Mtoto anayeambukizwa mara moja hupona. Hatari ni kuambukizwa tena na tena kwa miaka mingi. Kila mara ngozi ya ndani ya kope huvimba, na inapopona huacha kovu. Makovu yakizidi, kope hujikunja na nywele zake hugeukia ndani. Kila mtu huyo anapopepesa macho, nywele hukwaruza kioo cha jicho mpaka kiwe cheupe. Ndiyo maana ugonjwa huanza utotoni, lakini upofu huonekana ukubwani, na zaidi kwa akina mama kwa kuwa wao ndio hulea watoto na kuambukizwa nao.

KUTOKA MALHAMU MPAKA KIDONGE

Zamani tiba ilikuwa malhamu ya tetrasaiklini ya kupaka machoni asubuhi na jioni kwa wiki sita. Hesabu, msomaji: siku 42, mara mbili kwa siku, ni kupaka mara 84. Malhamu huwasha kidogo na hutia ukungu machoni, na mtoto hulia. Baada ya wiki ya kwanza macho huonekana mazuri, basi mama huiweka malhamu kwenye paa na kuisahau. Familia chache sana zilimaliza wiki sita.

Dawa ya azithromaisini iliondoa shida hiyo. Hunywewa mara moja tu, lakini huingia katika nyama za mwili na kubaki humo siku kadhaa ikiendelea kuua vijidudu. Mhudumu anamwona mtu akimeza, na kazi imekwisha. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer inayoitengeneza ilianza kuitoa bure kwa ajili ya vikope, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipokea.

YALIYOTOKEA KAHE MPYA

Kahe Mpya ni kitongoji cha wilaya ya Rombo. Mwaka 2000 wataalamu kutoka London pamoja na wenzao wa Hospitali ya KCMC, Moshi, waliwapima macho wakazi wake. Hawakutazama tu wekundu wa macho. Walipangusa ndani ya kope kwa pamba na kuipeleka maabara ili kujua nani hasa anacho kijidudu na anacho kwa wingi gani. Kati ya kila watu 100, karibu 10 walikuwa nacho.

Kisha wakatoa dawa kwa kitongoji chote, wazima kwa wagonjwa. Wakazi walikuwa 978, na waliokunywa walikuwa 956. Waliokosa ni watu 22 tu.

Baada ya miezi miwili, wenye kijidudu walikuwa wamebaki kama 2 kwa kila watu 100. Baada ya miaka miwili alikuwa amebaki mtu mmoja tu kwa kila watu elfu moja. Kati ya vipimo hivyo, wale walioonekana na dalili walipewa malhamu. Dozi ya pili ya kitongoji kizima ilitolewa baada ya ile miaka miwili, na baadaye, mwaka wa tano tangu kazi ianze, kijidudu hakikuonekana tena.

Tuangalie jambo moja ndani ya taarifa hiyo. Katika kila kipimo baada ya dawa, sehemu tisa kwa kumi za vijidudu vyote vya kitongoji zilipatikana kwa watu walewale waliokuwa navyo katika kipimo kilichotangulia. Ugonjwa haukuwa unazuka ovyo. Ulikuwa umejificha kwa watu wachache, na hao ndio wangeweza kuuwasha tena. Hapo ndipo lilipo jibu la yule mwenye macho mazima. Bila maabara hakuna awezaye kusema kwa kutazama tu ni nani kati ya majirani anabeba kijidudu. Mtoto anayecheka na kucheza anaweza kuwa nacho, na mwenye jicho jekundu anaweza kuwa amekwisha kukimaliza, kwa maana uvimbe hubaki miezi kadhaa baada ya kijidudu kufa. Kwa hiyo wote hunywa.

KWA NINI PENGINE UGONJWA HURUDI?

Si kila mahali palifanikiwa hivyo. Kahe Mpya maambukizi hayakuwa mengi sana tangu mwanzo, na karibu kila mtu alipata dawa. Katika kijiji cha Maindi, wilaya ya Kongwa, ambako vikope vilikuwa vikali zaidi, dawa ilipunguza ugonjwa lakini dozi moja haikuumaliza. Katika miezi iliyofuata ulianza kurudi. Katika nchi ya Gambia vijiji 14 vilipewa dawa. Vingi vilibaki salama, lakini viwili vilipata ugonjwa upya baada ya watu wake kuchanganyika na vijiji ambavyo havikutibiwa.

Sasa tuchukue mfano wa kwetu. Kijiji kina watu 1,000, na watu 800 wamekunywa dawa. Hiyo ni 80 kwa mia, kiwango ambacho mpango wa vikope hutaka kifikiwe au kipitwe, na kwenye karatasi ni kazi nzuri. Lakini waliokosa ni 200. Kama ni mtu mmoja mmoja hapa na pale, madhara ni madogo. Kama ni kundi moja, kwa mfano familia za wafugaji zilizohamia bondeni na ng'ombe wao, pamoja na watoto wao wote, basi kijidudu kimebaki salama mahali pamoja. Siku watoto hao wanaporudi kucheza na wenzao kijijini, kazi inaanza upya. Katavi ni mkoa wa watu wanaohama: wafugaji, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na wakulima wanaolala mashambani msimu wa mpunga. Siku ya dawa ikiangukia msimu huo, nyumba zitakutwa zimefungwa.

Hapa jumuiya ndogo ndogo zinaweza kufanya kazi ambayo daftari la kijiji haliwezi. Jumuiya inajua nyumba kwa nyumba nani yuko shambani, nani amepokea wageni, na mama yupi ana watoto wawili walio kwa bibi yao. Majina hayo yakipelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya siku ya dawa, mgawaji atajua pa kurudi jioni.

NA BUBA JE?

Wazee wetu wanaikumbuka buba. Huanza kwa mtoto kama kidonda chenye vinundu, mara nyingi mguuni, nacho hakiumi sana. Kisha hupotea, na vidonda vingine hutokea mwilini. Ikiachwa, huharibu ngozi na mifupa. Huenea kwa ngozi kugusana na ngozi, si kwa uchawi wala kwa zinaa, ingawa kijidudu chake ni ndugu wa karibu wa kile cha kaswende.

Kuanzia mwaka 1952 hadi 1964 Shirika la Afya Duniani na Unisef waliongoza kampeni ya sindano za penisilini katika nchi 46. Watu kama milioni 50 walitibiwa, na buba ikapungua kwa 95 kwa mia. Lakini haikuisha. Buba hulala mwilini kwa miaka bila kidonda, na wengi waliokuwa nayo imelala hawakudungwa. Ufuatiliaji ulipolegea, ikaamka katika nchi kadhaa.

Mwaka 2012 uchunguzi wa Papua Nyugini ulionyesha kwamba azithromaisini ya kunywa mara moja huponya buba sawa na sindano. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likabadili mpango: mahali penye buba, watu wote wanywe, angalau 90 kati ya 100. Huko huko, katika kisiwa cha Lihir, dawa ya mwaka 2013 iliishusha buba kutoka watu 24 kwa kila elfu hadi 3 katika mwaka mmoja. Baadaye ilianza kupanda tena, na wagonjwa wachache walikuwa na kijidudu kisichosikia dawa hiyo. Kwa hiyo kidonda kisichopona baada ya dozi lazima kirudishwe zahanati, kwani penisilini bado inakiweza.

Dozi za magonjwa haya hazilingani. Kwa vikope ni miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili. Kwa buba, 30. Mtoto wa kilo 15 atapata miligramu 300 kwa vikope, yaani mililita 7 na nusu za dawa ya maji yenye miligramu 200 katika kila mililita 5. Kwa buba angepata miligramu 450. Mtu mzima hupata gramu moja kwa vikope, ambayo ni vidonge 4 vya miligramu 250, na kwa buba gramu mbili, vidonge 8. Uchunguzi wa mwaka 2018 uliofanyika Ghana na Papua Nyugini ulionyesha kwamba hata dozi ndogo iliponya buba vizuri. Hata hivyo usijipimie mwenyewe.

SIKU YA DAWA

Mgawaji hatumii mizani. Atakusimamisha kando ya fimbo yenye alama, na urefu wako utamwonyesha idadi ya vidonge au kipimo cha dawa ya maji. Simama wima, bila viatu.

Mtoto mdogo apewe dawa ya maji, akiwa ameketi au amesimama, ametulia. Usimlaze chali, usimbane pua, wala usimlazimishe kumeza akiwa analia, maana anaweza kupaliwa na kufa. Akikataa, ngojeni atulie. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi dawa hii; yeye hupewa malhamu. Mama mjamzito, na yeyote aliyewahi kudhurika kwa dawa ya jamii hii, aseme kabla ya kupokea.

Baadhi ya watu hupata kichefuchefu, maumivu ya tumbo au kuharisha kidogo, na hali hiyo hupita yenyewe. Kula kabla ya kunywa husaidia. Usipeleke kidonge nyumbani kumwekea asiyekuwepo. Mtaje ili afuatwe.

Na kwa wale ambao kope zimekwisha kugeukia ndani, dawa haizinyooshi. Kung'oa nywele kwa kibano hutuliza kwa siku chache tu, kisha huota tena. Dawa yao ni upasuaji mdogo wa kope, ambao hufanywa mgonjwa akiwa macho na kope imetiwa ganzi. Kama bibi katika jumuiya yenu anafuta machozi kutwa na kukimbia jua, mtazameni kope zake, kisha mpelekeni hospitali kabla kioo cha jicho hakijawa cheupe, kwa maana weupe huo hauondoki kwa upasuaji wa kope.