Akaunti ya Kubeti Inapobanwa

Kwenye vibanda vya kubeti vya Kilombero, Ngarenaro na Sakina jijini Arusha, na kuteremka hadi Usa River chini ya Mlima Meru, mkeka unaopendwa ni mrefu: mechi tano, kumi, hata ishirini, kwa dau la shilingi elfu moja. Wanaouandika hawajui adha ya akaunti kubanwa. Mechi yenye matokeo mawili tu ya nafasi sawa ilistahili odi 2.00 kila upande, lakini kampuni inaweka 1.90 na kubaki na asilimia 5. Unganisha mechi tano za namna hiyo, na kwa wastani kinachorudi ni kama shilingi 774 katika kila 1,000. Mteja wa hivyo hata mkeka wake ukitiki kwa milioni mbili, kampuni humpongeza na kutangaza ushindi wake.

Anayebanwa ni mwingine, na mara nyingi hubanwa kabla hajashinda fedha za maana. Kampuni haisubiri kuona umevuna kiasi gani. Inaangalia odi uliyoichukua, kisha inailinganisha na odi ya mwisho kabla ya mpira kuanza. Tuseme Mashujaa anacheza na Namungo, na kampuni moja bado inampa Mashujaa 2.40 ilhali wenzake wameshashusha hadi 2.00 baada ya habari za kikosi kutoka. Unaweka 50,000 kwenye 2.40, na saa moja baadaye kampuni hiyo nayo inashuka hadi 2.00. Ukifungwa leo haijalishi. Ukirudia hivyo mara ishirini au thelathini, mfumo unakuona wewe ni mtu anayenunua bei iliyochelewa. Siku inayofuata ukijaribu kuweka 50,000, unaambiwa dau la juu ni 1,500.

Watafiti Kaunitz, Zhong na Kreiner walilionja hilo na kuliandika mwaka 2017. Hawakutabiri mpira hata kidogo. Walichukua wastani wa odi za kampuni nyingi, wakacheza pale tu kampuni moja ilipotoa bei kubwa kupita wastani huo. Walipata faida kwa fedha halisi, na baada ya miezi michache kampuni zikaanza kuwawekea vikomo.

Kwa hiyo anayetaka akaunti yake idumu aanze na ligi anazozichezea. Mechi za Ulaya zenye wabashiri wengi hupokea dau kubwa bila mtu kushtuka, lakini dau kubwa kwenye ligi ndogo, au kwenye idadi ya kona, hufika haraka kwa mpanga bei wa kampuni. Dau liwe la mviringo, 10,000 au 20,000. Kiasi kama 18,730 kinamwonyesha mtu anayegawa fedha kwa hesabu kati ya kampuni mbili ili ashinde upande wowote. Bonasi nazo ni mtego: anayeonekana tu siku za bonasi ndiye wa kwanza kufutiwa bonasi.

Wengine hujifunika kwa mikeka mirefu ya makusudi ili waonekane kama wateja wa kawaida. Hapo kalamu inahitajika. Kwenye mfano wa Mashujaa, odi 2.00 ya mwisho ukiiondolea faida ya kampuni inaonyesha nafasi ya kushinda ya kama asilimia 47.5. Kisha kuna kodi ya ushindi, ambayo kiwango chake kimebadilishwa mara kadhaa na Bunge. Tukichukulia asilimia 10 ya faida, dau la 50,000 linakuachia wastani wa shilingi 3,700 hivi. Mkeka mmoja wa kujifunika, mechi tano kwa 10,000, unakugharimu wastani wa 2,260 hata kabla ya kodi. Miwili imekumaliza. Kodi hiyohiyo inaua faida ndogondogo: odi 2.10 kwenye mechi ya nusu kwa nusu, ambayo ilikuwa na faida ya asilimia 5, inageuka hasara kidogo. Mbashiri wa hapa analazimika kuwinda bei zilizochelewa sana, na hizo ndizo zinazoonekana upesi. Kwa maoni yangu, ushauri wote wa kujificha unaahirisha tu.

Njia moja ni hatari kuliko kubanwa kwenyewe: kufungua akaunti kwa laini ya mke au ya rafiki. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, malipo yanapitia simu, na masharti ya kampuni kwa kawaida yanaruhusu mtu mmoja akaunti moja. Ukigundulika, unaipa kampuni sababu ya kuzuia ushindi ambao ungekuwa halali.

Kupunguziwa dau si sawa na kunyimwa malipo. La kwanza masharti mengi yanaliruhusu. La pili, kwa mkeka uliokubaliwa na kutiki, unaweza kulipeleka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ukiwa na namba ya mkeka, odi iliyoandikwa wakati wa kucheza na ujumbe wa muamala wa simu. Thibitisha kitambulisho chako mapema na utoe salio akaunti ingali huru, maana baadhi ya kampuni hukumbuka kuomba nyaraka siku ile unapodai kilicho chako.