Tepu ibandikwe ukutani

Fundi wa vigae akikuomba picha ya ukuta wa bafu, nyoosha tepu hadi mita 1 na uibandike kwenye ukuta wenyewe. Usiishike mkononi mbele yake. Ukisimama mita 2.5 kutoka ukutani na tepu ikiwa nusu mita mbele ya ukuta, itaonekana kubwa kwa robo zaidi, na eneo utakalokokotoa litapungua zaidi ya theluthi. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote.

Piga picha ukiukabili ukuta moja kwa moja. Kingo za kushoto na kulia zikitofautiana urefu, umesimama upande, rudia.

Tuseme kwenye picha ile mita ni sentimita 4, upana wa ukuta 9.6, na kimo cha kuweka vigae 6. Gawanya kwa 4: mita 2.4 kwa 1.5, yaani mita za mraba 3.6. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kukatwa, upate 3.96. Vigae vya sentimita 30 kwa 60 vitahitajika 22. Boksi likiwa na 8, agiza maboksi 3.