Namba ya Karibu Inayoharibu Picha ya Mbali

Mtu amejenga mji mzima ndani ya kompyuta: mitaa, miti, maghorofa. Madirisha ameyachora kama vipande vyembamba vilivyojitokeza sentimita 10 mbele ya ukuta. Ukisimama chini ya jengo, kila kitu kimetulia. Ukisogea hadi mita 800 na kuanza kutembea, madirisha yanachanika. Michirizi ya rangi ya ukuta inapita juu ya vioo, inatoweka, inarudi kwa umbo jingine. Ukisimama, inaganda pale pale ilipo. Ukipiga hatua moja, inaanza tena.

Wengi hushuku kadi ya michoro, wengine huilaumu programu. Mara nyingi kosa liko kwenye namba moja ndogo iliyoandikwa siku ya kwanza na kusahauliwa, ile inayosema kamera ianze kuona umbali gani kutoka machoni pake.

Kompyuta inapochora, kila nukta ya skrini, yaani kila pikseli, huwekewa rangi pamoja na namba ya kina, ambayo inaeleza kilichochorwa hapo kiko mbali kiasi gani. Kikija kitu kingine kutaka pikseli hiyo hiyo, namba zao hulinganishwa, na cha karibu ndicho kinachobaki. Edwin Catmull aliieleza njia hii mwaka 1974 katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utah, na mwaka huo huo Wolfgang Straßer naye aliieleza huko Berlin. Wakati ule ilionekana ya kifahari kwa jinsi ilivyokula kumbukumbu. Leo iko hata kwenye simu.

Namba hiyo ya kina ina nafasi yenye kikomo. Mara nyingi hupewa biti 24, maana yake kuna ngazi 16,777,216 za kugawia umbali wote kuanzia mpaka wa karibu wa kamera hadi mpaka wake wa mbali. Kwa mji wa kilomita 5, mtu atapiga hesabu ya haraka na kuona kila ngazi haifiki hata milimita moja. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama ngazi zingegawanywa sawasawa, lakini hazigawanywi hivyo. Kinachohifadhiwa si umbali wenyewe. Ni namba inayotokana na moja kugawanywa kwa umbali, kwa sababu hiyo ndiyo inayobadilika kwa mwendo ulionyooka kutoka pikseli hadi pikseli, na kadi ya michoro huikokotoa kwa wepesi. Ni kama rula ambayo alama zake zimesongamana mwanzoni, kisha zinaachana zaidi na zaidi kadiri unavyokwenda.

Msongamano huo ni mkali kuliko watu wanavyodhani. Tuseme mjenzi wetu anatumia maktaba ya three.js na ameandika hivi:

```
const kamera = new THREE.PerspectiveCamera(
  60, upana / urefu, 0.01, 5000);
```

Namba mbili za mwisho ni mpaka wa karibu na mpaka wa mbali, kwa mita. Aliweka 0.01 ili kamera isikate chochote hata ikigusa pua ya mtu. Basi nusu ya ngazi zote zinamalizika kati ya sentimita 1 na sentimita 2 mbele ya kamera, mahali ambapo hakuna kitu. Kufikia mita 1, asilimia 99 imeshakwenda. Kufikia mita 100 zimebaki ngazi zipatazo 1,640, na hizo ndizo za kuuhudumia mji wote uliobaki.

Ukitaka kujua ngazi moja ina upana gani mahali fulani, zidisha umbali kwa wenyewe, kisha gawanya kwa mpaka wa karibu uliozidishwa kwa 16,777,216. Kwa mita 800 na mpaka wa 0.01, jibu ni karibu mita 3.8. Dirisha liko sentimita 10 tu mbele ya ukuta, kwa hiyo vyote viwili vinaangukia ngazi moja au vinapishana kwa bahati ya kukadiria desimali. Pikseli hii ukuta unashinda, ya jirani dirisha linashinda. Kamera ikisogea, makadirio yanabadilika na washindi wanabadilika. Kwa mpaka huo sentimita 10 zinaanza kupotea kwenye mita 130 hivi, ndiyo maana chini ya jengo hukuona tatizo.

Jambo la kwanza ambalo watu hujaribu ni kuvuta mpaka wa mbali, kutoka 5000 hadi 1000. Inaonekana busara, lakini haisaidii. Ngazi zilizokuwa zikitumika huko mbali ni chache mno, kwa hiyo unachookoa hakionekani. Sasa badilisha 0.01 iwe 0.5. Pale pale kwenye mita 800 ngazi inashuka hadi sentimita 7.6, na dirisha linatengana na ukuta. Ukiweka 1, ni sentimita 3.8. Kwa kuwa hesabu nyingine za njiani nazo zina makosa yake madogo, mimi ningechagua hiyo 1 kuliko kubaki ukingoni. Kuweka 0, kama wengine wafanyavyo, ni kuharibu kabisa, maana hapo kila kitu kinapata namba ile ile ya kina.

Badiliko hilo hilo ndilo kipimo cha ugonjwa. Ukiweka 1 na madirisha yakatulia, tatizo lilikuwa ngazi. Yakiendelea kuchanika hata ukiyasogelea, basi nyuso mbili zimelala mahali pamoja kabisa na hakuna mpaka utakaozitenganisha. Futa mmoja au usogeze. Vigae vya paa vinavyowakawaka kwa mbali bila kuonyesha rangi ya kitu cha nyuma ni ugonjwa mwingine, wa picha iliyobandikwa juu ya uso.

Gharama ipo. Mpaka ukiwa mita 1, chochote kilicho karibu zaidi ya hapo kinakatwa: ukiegemea ukuta unaona ndani ya nyumba, na mikono ya mchezaji inatoweka. Kwenye gemu, njia ya zamani ni kuchora mji kwanza kwa kamera yenye mpaka mkubwa, kufuta namba za kina, kisha kuchora mikono juu yake kwa kamera nyingine yenye mpaka mdogo. Katika three.js pia kuna `logarithmicDepthBuffer: true`, inayogawa ngazi kwa uwiano wa haki zaidi. Ila kadi inalazimika kukokotoa kina upya kwa kila pikseli, na inakosa njia ya mkato ya kuruka mapema vile vilivyofichwa. Kwenye simu dhaifu utaona mwendo ukishuka.

Wajenzi wa injini kubwa siku hizi hugeuza mpangilio: karibu inakuwa 1, mbali inakuwa 0. Namba zenye nukta ya desimali inayohama zimesongamana karibu na sifuri, basi msongamano wao unaangukia kule mbali ambako ngazi zilikuwa haba, na mapungufu mawili yanafutana. Katika OpenGL hilo linahitaji `glClipControl`, iliyokuja na toleo la 4.5 mwaka 2014, na kina kihifadhiwe kwa biti 32 za namba za aina hiyo. Ukigeuza huku umebaki na biti 24 za namba kamili hupati kitu, kwa sababu namba kamili hazisongamani popote, na madirisha ya mita 800 yataendelea kuchanika kama kawaida.