Karatasi inasomwa mara mbili, redio inasikiwa mara moja

Mama anatwanga sombe, redio iko kwenye dirisha, mutoto analia. Katika redio mwandishi habari anasoma: « Kufuatana na rapori ya divizioni ya afya ya mukoa, wagonjwa 1.247 wa kolera, kati yao 31 waliofariki, ni kusema asilimia 2,5, waliandikwa toka tarehe 3 mwezi wa tatu mpaka tarehe 6 mwezi wa ine katika zoni tatu za afya, kulinganisha na 618 wa majuma tano yaliyotangulia. »

Sentensi hii tumeitunga sisi kama mufano, lakini nani hajasikia ya namna hiyo? Kwenye karatasi haina kosa. Musomaji akipotea, macho yanarudi nyuma. Yule mama hawezi kurudi nyuma. Akifika kwenye 618, hajui tena kama ni wafu ao wagonjwa. Katika masikio yake kunabakia neno moja tu: kolera.

Kazi ya kugeuza inaanza kwa kufunika karatasi. Soma rapori yote, uifunike, kisha mwenzako akuulize: « Kuko nini? » Utamujibu bila kufikiri: « Kolera inapanda, wagonjwa wamekuwa mara mbili. » Basi hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza. Tarehe na asilimia hukuzitaja, sababu mutu hasimulii vile.

Sasa funua karatasi, uhakikishe hesabu, na uandike:

« Kolera inaongezeka katika zoni tatu za afya za mukoa wetu. Divizioni ya afya inasema: kwa majuma tano, wagonjwa wamepita elfu moja na mia mbili. Majuma tano yaliyotangulia, wagonjwa walikuwa nusu ya hao. Watu makumi tatu na moja wamekufa. Ni kusema, kati ya wagonjwa makumi ine, mumoja amekufa. »

Angalia vile tumefanya. Kila sentensi inabeba hesabu moja, ao jambo moja. Anayesema anatajwa mbele ya lile analolisema. 1.247 tumeipunguza, kwa maana sikio haliwezi kushika makumi ine na saba ya mwisho. Lakini wafu 31 hatukuwagusa: hesabu ni ndogo, na kila mumoja ana jamaa anayesikiliza. Asilimia imegeuka watu, kwani 31 mara 40 ni 1.240, karibu sawa na wagonjwa wote. Majina ya zile zoni tatu yatafuata katika sentensi yao yenyewe, polepole.

Mutego mwingine uko ndani ya Kiswahili chetu. Tukisema « Daktari alimwambia muuguzi kwamba hana dawa », nani hana dawa? Ile « ha » inaweza kuwa ya daktari ao ya muuguzi. Shuleni mwalimu alitukataza kurudilia neno. Kwenye mikro, rudilia tu: « Daktari anasema muuguzi hana dawa. »

Lakini mutego unaoweza kuua ni ule wa kukataza. « Musikunywe maji ya ziwa bila klori. » Kukataza kote kunakaa ndani ya silabi moja, « si ». Moto ikipita barabarani, « si » inapotea, na mama anasikia « mukunywe maji ya ziwa ». Afazali kusema jambo la kufanya: « Maji ya ziwa, tia klori kwanza. Ngoja nusu saa. Ndipo unywe. »

Vilevile kwa serumu ya kunywa. Hapa hakuna kupunguza hesabu hata kidogo: sashe moja kwa litri moja ya maji safi. Mutu akisikia vibaya na kuitia yote katika kopo moja, chumvi inazidi na kuhara kunaweza kuongezeka. Kwa hiyo sema mara mbili, mara ya pili kwa chombo anachokijua: « Litri moja, ni kusema chupa mbili za nusu litri. »

Mbele ya kuingia studio, tafuta mutu asiyesoma rapori, hata mulinzi wa mulango. Musomee mara moja tu, kisha akusimulie. Akiuliza « wapi? », mahali hapakusikika. Akitaja hesabu isiyo yake, uliziweka mbili karibu sana. Na kama wewe mwenyewe pumzi imekwisha katikati, ile sentensi ni mbili: ikate.

Rapori yenyewe usiitupe. Iweke karibu na mikro, maana kuna atakayepiga simu kuuliza hesabu kamili.