Kikumbusho cha dawa hakikulia: maswali na majibu kuhusu simu yako

Wakazi wengi wa Mwingi na viunga vyake hutumia simu kukumbuka saa ya dawa za presha, kisukari, kifua kikuu au ARV, pamoja na tarehe ya kurudi kliniki. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi pale simu inaponyamaza.

Simu yangu hukaa kimya usiku. Kengele ya asubuhi hulia, lakini kikumbusho cha dawa hakilii. Kwa nini?

Kwa sababu simu haivichukulii vitu hivyo viwili sawa. Kengele uliyoiweka kwenye programu ya saa, yaani Clock, ina sauti yake na hulia hata simu ikiwa kimya. Kikumbusho cha kalenda ni arifa tu, kama ujumbe mfupi. Ukizima sauti ya simu kanisani au mkutanoni, kikumbusho nacho kinazimwa, na utakikuta kimeandikwa juu ya kioo baadaye. Dawa ya kila siku iwekee kengele ya Clock, na kalenda uiachie tarehe za kliniki.

Hata hivyo, kengele nayo inaweza kunyamaza. Fungua Settings, kisha Sound, uangalie kama sauti ya Alarm imeshushwa hadi mwisho. Angalia pia Do Not Disturb. Kwa kawaida huruhusu kengele kupita, lakini ruhusa hiyo inaweza kuondolewa.

Niliweka saa mbili usiku. Mbona iliniamsha usiku wa manane?

Hili linawapata wengi, na si kosa la simu. Sisi huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza au kutua, ilhali simu huhesabu kuanzia saa sita usiku au saa sita mchana. Saa mbili usiku kwenye simu ni 8:00 PM. Aliyeandika 2:00 AM ameweka saa nane usiku, na aliyeandika 8:00 AM ameweka saa mbili asubuhi.

Tuseme ni saa kumi na mbili jioni na unataka dawa ya saa mbili usiku. Ukihifadhi kengele, simu nyingi huonyesha kwa muda mfupi ni saa ngapi zimebaki kabla ilie. Zinapaswa kuwa 2. Ukiona 8, umeweka 2:00 AM. Ukiona 14, umeweka 8:00 AM. Usiifunge simu kabla ya kusoma maneno hayo.

Sauti iko juu na saa ni sahihi, lakini programu yangu ya dawa hunikumbusha pale tu ninapoifungua.

Hapo shida ni ruhusa. Kuanzia Android 13, programu mpya huuliza kama inaweza kukutumia arifa, na wengi wetu hubonyeza Don't allow ili kuondoa usumbufu. Nenda Settings, Apps, chagua programu hiyo, kisha uwashe Notifications. Ukiona Alarms & reminders, iwashe pia; bila hiyo kikumbusho kinaweza kuchelewa.

Bado kuna betri. Simu hulaza programu zisizotumika ili kuhifadhi chaji, na baadhi hufanya hivyo kwa ukali mno. Kwenye ukurasa uleule fungua Battery, uchague Unrestricted. Usibonyeze Force stop, kwa sababu vikumbusho vyote vya programu hiyo hufutika hadi uifungue tena.

Kujua kama imepona, weka kikumbusho cha dakika 20 zijazo, zima kioo, uiache mezani. Ukikaa ukiichezea hutajua lolote, kwani simu inayotumika hailali.

Simu ililetwa na ndugu kutoka Dubai. Saa niliirekebisha, lakini kikumbusho cha kliniki nilichotumiwa kilichelewa saa moja.

Ulibadilisha saa ukaacha majira ya Dubai, ambayo ni GMT+4. Kenya ni GMT+3. Kioo kinaonyesha saa sahihi, lakini miadi ya saa mbili asubuhi iliyotumwa kutoka simu nyingine itaonekana kama ya saa tatu. Kwenye Date & time, washa mpangilio wa kupata saa na majira kutoka kwa mtandao, au uchague Nairobi mwenyewe.

Na kabambe?

Kabambe haina mambo ya ruhusa, na nyingi hulia hata zikiwa zimezimwa, mradi betri ina chaji. Udhaifu wake ni mmoja: ukitoa betri, saa inaweza kurudi nyuma. Iangalie kila unapoirudisha. Na ukigundua umepitwa na dozi, usimeze mbili pamoja kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya katika kituo chako.